Uzi: Mvulana, dereva na wakili wanatukana kwa neno moja. Kwa Kiswahili nimpe nani lipi?

Nukta_Mkato

Habari za humu ndani. Natafsiri riwaya kutoka Kiingereza, na sura ya nne ina ugomvi wa barabarani wa kurasa mbili ambao haujakaa sawa. Naomba macho yenu.

Mji ni wa bandari, wa ughaibuni, na mwandishi hautaji jina. Mvulana wa miaka 16 anayepeleka vifurushi kwa baiskeli anagonga kioo cha pembeni cha teksi. Dereva ana miaka 63 na zamani alikuwa kuli bandarini. Kiti cha nyuma yupo abiria, mwanamke wa miaka 44, wakili, anachelewa kazini. Wote watatu wanatumia neno lilelile chafu la Kiingereza, lile la tendo la ndoa. Mvulana analitumia mara tatu: kwanza anapoanguka, kwa maumivu. Pili analibandika mbele ya neno "kioo", kama kivumishi. Tatu anamfukuzia dereva. Dereva analitumia mara moja, huku anacheka, anapomwita mvulana arudi. Wakili naye mara moja, mwishoni, kwa sauti ya chini kabisa.

Rasimu yangu ni hii:

Mvulana: "Mshenzi! Kioo chako cha kishenzi kilikuwa kimejitokeza njiani! Nenda zako, mshenzi wewe!"
Dereva: "Rudi hapa, mshenzi mdogo wewe."
Wakili: "Je, mnaweza kuumaliza ushenzi huu?"

Nilitaka neno moja lipite katika vinywa vyote vitatu kama lilivyo kwenye asili. Lakini nikisoma kwa sauti nasikia mtu mmoja anazungumza peke yake. Umri, tabaka na hasira vyote vimepotea. Nianzie wapi?

---

chalii_flani

Mkuu, tatizo lako unaogopa mtaa. Dogo wa miaka 16 haongei hivyo popote duniani. Mpe Sheng, basi. "Buda, hiyo kioo yako ilikuwa kwa njia, acha ufala!" Umemaliza. Msomaji anajua hapohapo huyu ni kijana, hana pesa, na amekasirika.

---

MwlMstaafu

Ndugu Nukta, salamu. Nimefundisha fasihi miaka mingi na msimamo wangu ni kwamba Kiswahili hakihitaji kuchafuliwa ili kieleweke. Waandishi wetu walikuwa na njia yao: "Akamporomoshea matusi ya nguoni." Sentensi moja, msomaji ameelewa yote, na kitabu kinaweza kuingia darasani. Kwa nini unataka kuyaandika matusi yenyewe?

---

Bi_Zawadi

Nukta, rasimu yako ina kitu kimoja kinachoharibu vingine vyote, nami ningeanza hapo.

Neno hilo la Kiingereza linafanya kazi tatu tofauti katika kinywa cha mvulana, nawe umezipa zote jina la mtu. Mvulana anaanguka, anapiga kelele "Mshenzi!" Anamwambia nani? Kwetu tusi la aina hii lazima limpate mtu. Ukijigonga kidole gizani hutasema "mshenzi", maana hakuna aliyefanya ushenzi. Utasema "Mama yangu!", utasema "Lo!", utamtaja Mungu, au utatoa sauti tu. Kwa hiyo tukio la kwanza si tusi hata kidogo, ni kiingizi. Liondoe kwenye kundi la matusi kabisa na ujiulize: mtoto wa miaka 16 akiumia mbele za watu, na hataki kuonekana ameumia, anatoa sauti gani? "Aaah!" inatosha, na "noma" nyuma yake ukipenda.

La pili ndilo linalonuka tafsiri zaidi. "Kioo chako cha kishenzi" ni sarufi ya Kiingereza iliyovaa maneno yetu. Kiingereza kinaweka hasira katika kivumishi kwa sababu hakina pengine pa kuiweka kwa urahisi. Sisi tuna ngeli. Mtu aliyekasirika anaikuza gari iwe "ligari", anaidunisha iwe "kigari", anakiita kitu "kidude", halafu upatanisho unabeba dharau mpaka mwisho wa sentensi. "Ligari lako hilo limejaa njia nzima." Hakuna neno chafu hata moja hapo, na bado umesikia mdomo ulivyobinuka. Hebu linganisha na "gari lako hilo limejaa njia nzima", ambayo ni malalamiko ya kawaida ya mtu yeyote.

La tatu, la kumfukuza mzee, ndilo tusi la kweli, na hapo ndipo pa kupima uzito. Nitarudi.

chalii, hoja yako nusu yake ni kweli, nitaijibu pia. Mwalimu, shikamoo, na yako vilevile.

---

Karani_wa_Zamu

Mimi ni mkalimani wa mahakamani. Kwetu hakuna mjadala: shahidi akisema alitukanwa kwa mama yake, natamka vilevile mbele ya hakimu, neno kwa neno, hata kama chumba kizima kinainamisha kichwa. Ukipunguza ukali umebadilisha ushahidi. Mwandishi kaandika tusi la kingono, wewe weka tusi la kingono. Yapo, na kila mtu anayajua. Sioni ugumu.

---

Bi_Zawadi

Karani, nakuheshimu kwa kazi hiyo, lakini hakimu anauliza ni maneno gani yalitamkwa. Hapa Nukta anauliza jinsi ya kumfanya msomaji amtambue msemaji bila kumwona. Na hata kwa uzito peke yake, angalia kinachotokea.

Nukta ametuambia dereva anacheka. Hicho ndicho kipimo changu cha siku zote: sitazami tusi, natazama aliyetukanwa anafanya nini katika sentensi inayofuata. Kiingereza cha mtaani kimelitumia neno lile hadi limechakaa, ndiyo maana mzee anaweza kulipokea, akacheka na kuendelea. Sasa mweke mvulana wa Kiswahili amtukanie mzee wa miaka 63 mama yake. Mzee hacheki. Anashuka kwenye gari, na watu wanakusanyika. Msomaji atasoma "dereva akacheka" na atajua kuna kitu hakikwenda sawa, ingawa huenda asijue ni mfasiri. Kwa hiyo tusi la ukurasa huu lazima liwe la kiwango ambacho mzee mwenye ngozi ngumu anaweza kulicheka: lina utovu wa adabu, halina matusi ya nguoni.

Nukta, kuna mahali pengine kitabuni mvulana huyu anatumia neno hilohilo na jibu likawa tofauti?

---

Nukta_Mkato

Lipo, Bi Zawadi. Sura ya 22. Kaka yake mkubwa amekamatwa, na mvulana anamwambia askari neno hilo usoni. Askari anampiga hadi anaanguka. Kwa Kiingereza ni neno lilelile, halijaongezwa kitu.

---

Bi_Zawadi

Basi hapo ndipo tusi la mama linapokaa. Lizuie lisitoke kabla ya sura ya 22, wala kwa mhusika mwingine yeyote. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kulirudia neno moja kwa sababu muktadha ndio unaolipandisha na kulishusha. Kwetu maneno yenyewe yana vyeo tofauti, na ukitumia lile kubwa kwenye kioo kilichovunjika utafika kwa askari mikono mitupu.

Soma kitabu kizima kwanza, uweke alama kila mahali neno linapotokea, na pembeni uandike jibu lililofuata: akacheka, akanyamaza, akajibu tusi, akapiga, akalia. Ndipo uanze kugawa.

---

Manukuu_24

Natamani ningekuwa na nafasi ya kugawa hivyo. Mimi naandika manukuu ya filamu, nina mistari 2 ya herufi 40 hivi kila mmoja, na tusi ndilo la kwanza kukatwa. Lakini sipotezi sana maana uso wa mwigizaji uko pale, sauti iko pale, mtazamaji anasikia hasira hata asipoelewa lugha. Kwa hiyo kwangu mimi kanuni ni: mtu akipiga kelele, andika maneno ya kawaida tu. Nukta, huenda unajisumbua. Weka "Ondoka!" na alama ya mshangao.

---

Nukta_Mkato

Ahsante Manukuu, ila kwangu hakuna uso. Mwandishi huyu pia ni mbahili, karibu kila mahali anaandika "alisema" tu, haelezi sauti. Hasira yote imo ndani ya nukuu. Nikiiondoa hapo haina pa kukaa.

---

chalii_flani

Bi Zawadi uliahidi kunijibu. Bado nasimama na Sheng. Hayo mambo ya ngeli ni mazuri lakini kijana halisi hatumii ngeli kwa uangalifu hivyo. Sisi tunasema "kioo yako iko", "gari yako hii". Hapo ndipo umri na mtaa ulipo!

---

Bi_Zawadi

Kweli kabisa, "kioo yako" ni alama kubwa. Masikio ya Nairobi yakiisikia yanajua mara moja msemaji ni wa rika gani na yuko katika hali gani. Shida ni kwamba alama hiyo haifiki kila mahali na maana ileile. Msomaji wa Tanga au wa Unguja akiona "kioo yako ilikuwa kwa njia" hatasikia kijana mjanja wa mtaani. Atasikia mtu ambaye Kiswahili hakijamkaa, labda mgeni. Umelenga umri, umepata uraia.

Na hata kwa msomaji wa Nairobi, mji wa kitabu ni wa ughaibuni, wenye bandari na makuli wake. Mvulana akifungua mdomo tu tayari yuko Eastlands, halafu anarudi kwenye baiskeli yake katika mji mwingine. Hilo hutokea kila lahaja ya mtaa mmoja inapotumiwa badala ya lahaja ya mtaa mwingine, na halitatuliwi kwa kuchagua Dar badala ya Nairobi.

Kuna pia suala la misimu kuzeeka. Neno la mtaani linalong'aa leo, kitabu kikifika dukani huenda vijana wameshaliacha, na linabaki mdomoni mwa wajomba zao. Hapo mvulana wako wa miaka 16 atasikika kama mtu wa miaka 35. Ukitaka misimu, chukua ile iliyokwisha kuvumilia muda na inayoeleweka pande zote mbili za mpaka. "Noma" imevumilia. "Fala" imevumilia. Mbili tatu za namna hiyo katika sura nzima zinatosha.

Umri wenyewe ningeutafuta kwenye muundo wa sentensi, maana huo hauzeeki. Kijana anayejitetea anauliza kabla hajajibu: "Kwani mimi ndo nimekwambia uegeshe hapa?" "Mbona we' hukuangalia?" "Si uko njiani?" Anaanza na "kwani", "mbona", "si", "eti". Sentensi ni fupi, zinaishia kwenye swali, na hazina kiunganishi cha kuzishikanisha. Mzee wa miaka 63 anayetisha kwa utulivu hafanyi hivyo. Anaamuru, ananyamaza, anaamuru tena.

Na vifupisho vya matamshi, kama "ndo" na "we'", chagua viwili au vitatu na umpe mvulana peke yake, kisha uvishike hadi ukurasa wa mwisho. Nimeona tafsiri ambazo kila neno limekatwakatwa katika sura ya kwanza, na kufikia sura ya kumi mfasiri amechoka, mhusika ameanza kusema kama mtangazaji wa redio.

---

chalii_flani

Hapo kwa wajomba umenipata. Lakini "kwani" na "mbona" hata mama yangu anasema.

---

Bi_Zawadi

Anasema, ndiyo. Ila sikiliza anasema na nani. Mama yako akimwuliza mtu mkubwa kuliko yeye "mbona", hutanguliza "samahani" au "hivi". Kijana wetu hatangulizi chochote. Kumbuka kuwa adabu ya umri kwetu iko kwenye namna ya kuita, na ukiigusa hiyo umeshatukana bila tusi. Hata mvulana mtovu wa adabu, namwona akisema "mzee", kwa sababu neno hilo limemkaa ulimini tangu utotoni. Utovu unaingia kwa herufi mbili tu mbele yake: "We mzee!" Akishuka zaidi anasema "we kizee", na hapo ngeli imemshusha mtu mzima kuwa kitu.

Swali la kujadili ni kama dereva anaweza kuicheka "kizee". Mimi nina shaka. Nadhani "kwenda huko" inatosha kwa kumfukuzia. Kitenzi kikiachwa bila nafsi, bila hata "nenda", kina dharau ya kutosha kabisa kwa mtu mzima, na bado mzee anaweza kuicheka.

---

MwlMstaafu

Nimesoma yote kwa makini na nakubali kwamba nukuu hizi zina kazi. Hata hivyo sijaondoka kwenye hoja yangu. Lakini kwa kuwa mnazungumzia mzee, mniruhusu nimsemee, maana ni rika langu.

Mzee wa miaka 63 aliyepiga kazi bandarini hana haja ya kuazima "fala" wala "noma". Ana akiba yake: hayawani, maluuni, firauni, baradhuli, mwanahizaya. Kizazi chetu kilitukana kwa maneno hayo, na mengi ni ya asili ya Kiarabu, kwa hiyo yana uzito wa dini ndani yake. Na zaidi ya neno, mzee wa Kiswahili hutukana kwa malezi. Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mzee hatamwambia kijana methali yote, maana hayuko darasani. Atamkatia nusu: "Hukufunzwa na mamako? Njoo nikufunze mimi."

---

Bi_Zawadi

Mwalimu, hiyo nusu ya methali ni mali. Inamtaja mama bila kumtukana, kwa hiyo inapita karibu na tusi kubwa na kuliacha. Hivyo ndivyo mtu mwenye umri na kucheka kwake anavyotisha.

Kwenye orodha yako ningechagua kwa tahadhari. "Baradhuli" na "mwanahizaya" zina harufu ya msomi au ya mtu aliyekaa vibarazani. Kuli wa zamani sina hakika. "Firauni" na "maluuni" zinaweza kumkaa, ila katika mji wa ughaibuni zinamvisha dini ambayo kitabu hakijamvisha. Kwa kweli ningemwachia yeye lile neno la Nukta. "Mshenzi" ni la kizazi chake, lina ukali wa mtu mzima anayemkosoa mdogo, na mtu anaweza kulitamka huku anacheka. Mvulana asilitumie kabisa, wala wakili.

Isipokuwa "mshenzi mdogo", Nukta. Hiyo "mdogo" imetoka moja kwa moja kwenye Kiingereza. Mzee angesema "we mtoto mshenzi we". Hizo "we" mbili, moja mbele na moja nyuma, zinamshika mtu pande zote.

Na kuhusu kusimulia tusi badala ya kulinukuu, njia ya Mwalimu ni halali na nimewahi kuitumia. Inafaa tusi likiwa mafuriko, mtu anatukana nusu ukurasa na maudhui hayana maana tena. Ukiitumia kwenye ugomvi huu utawafanya watu watatu kuwa mabubu, na kwa mwandishi ambaye hata sauti haelezi, hutabaki na kitu.

---

Manukuu_24

Swali: kwa nini dereva asisonye tu? "Dereva akasonya." Hasira, umri, dharau, vyote vimo katika sauti moja.

---

Nukta_Mkato

Nimewaza hilo. Lakini kwenye asili anacheka, na kusonya na kucheka haviendi pamoja. Pia naogopa kuwapa ishara ya mwili ambayo mwandishi hakuiandika. Maneno nabadilisha kwa sababu lugha imebadilika. Mwili wa mtu nadhani sina ruhusa nao.

---

Manukuu_24

Mvulana basi? Yeye hacheki.

---

Nukta_Mkato

Kwake bado nafikiri.

Nimebakiwa na wakili. Yeye ndiye mgumu kuliko wote. Kwenye asili sentensi yake ni ya adabu kabisa, ndefu, sarufi imenyooka, halafu lile neno limekaa katikati mara moja. Wanaume wawili wananyamaza papo hapo.

---

chalii_flani

Wakili huchanganya Kiingereza, jamani. Hilo halina ubishi. Mtu wa tabaka lile akikasirika hutoka kwenye Kiswahili.

---

Nukta_Mkato

Maishani kweli. Lakini chalii, kitabuni wote watatu wanasema Kiingereza. Nikimfanya yeye peke yake achanganye, msomaji ataamini wale wawili walikuwa wanasema lugha nyingine, labda ya wenyeji, naye ni mgeni au kibaraka wa mtu. Nitakuwa nimeingiza mgogoro wa lugha ambao hadithi haina.

---

Bi_Zawadi

Umeona vizuri. Tabaka lake litafute upande wa pili: yeye ndiye pekee katika ukurasa huu anayesema sentensi kamili. Hakati neno, haulizi "kwani", anatumia "naomba". Hasira baridi kwetu hupanda kwenda kwenye usanifu. Mtu aliyekuwa anakuita kwa jina ghafla anasema "naomba unielewe", na unajua umeharibu.

Halafu kuna jambo ambalo huenda hujaliona, Nukta. Dereva anamjibu wakili?

---

Nukta_Mkato

Anamjibu. Anaomba radhi kwa neno moja la heshima ambalo Waingereza humwambia mwanamke wa cheo.

---

Bi_Zawadi

Basi tabaka limo humo zaidi ya kwenye tusi. Mtu yuleyule, katika pumzi mbili, anamwambia mvulana "we mtoto mshenzi we" na kumwambia abiria "samahani, mama". Amemzidi mama huyo miaka karibu 20 na bado anamwita mama. Kwa Kiswahili msomaji anaona ngazi nzima: aliye chini yake kwa umri, na aliye juu yake kwa nafasi. Usiweke "bosi" hapo, maana itakuwa utani, wala "mheshimiwa", maana atasikika yuko bungeni. "Mama" ina heshima na uchovu wa mtu anayeendesha watu kutwa nzima.

---

Nukta_Mkato

Nimeandika upya. Simulizi nimeiacha, hizi ni nukuu tu:

Mvulana: "Aaah, noma!"
Mvulana: "We mzee, ligari lako limejaa njia nzima! We' ulitaka nipite wapi? Kwani mimi ndo nimekwambia uache hicho kidude kimechomoza?"
Mvulana: "Kwenda huko."
Dereva: "Rudi hapa, we mtoto mshenzi we. Rudi. Hukufunzwa na mamako? Njoo nikufunze mimi."
Wakili: "Naomba haya mavi yenu myamalize kabla sijachelewa."
Dereva: "Samahani, mama."

Pia nimetengeneza karatasi moja kwa kila mhusika: anaitaje watu wakubwa na wadogo, anatoa sauti gani akiumia, anamfukuzaje mtu, anaapa kwa nini, na maneno ambayo hatayasema kamwe. Safu hiyo ya mwisho tayari inanisaidia zaidi kuliko zile nyingine. Kwa mvulana nimeandika: hasemi "tafadhali", hasemi "mshenzi", tusi la mama sura ya 22 tu.

Kwa sura hiyo ya 22 nimeliandika neno zima, bila nukta. Mhariri bado hajajibu.

---

Karani_wa_Zamu

Neno zima. Hapo nakuunga mkono.

---

MwlMstaafu

Hapo sikuungi mkono. Herufi ya kwanza na nukta zinatosha. Msomaji wa Kiswahili ataijaza mwenyewe, na kofi la askari litamthibitishia alichojaza.

---

Bi_Zawadi

Mwalimu, nukta zinamleta mhariri katikati ya ugomvi. Mvulana hakutamka nukta. Lakini najua wachapishaji wanaokataa, na kitabu kikilengwa shule hakuna mjadala utakaosaidia. Ikibidi kuchagua kati ya nukta na neno jepesi, chagua nukta, Nukta. Neno jepesi litaliacha kofi bila sababu.

Mvulana na dereva sasa ni watu wawili. Ningepunguza kimoja: "ligari" na "kidude" katika kauli moja ni dharau mbili za ngeli zinazogombania nafasi. Bakiza "kidude", maana kioo ndicho kilichogongwa.

---

MwlMstaafu

Na wakili hasemi "mavi". Nimewafahamu mawakili wanawake. "Upumbavu wenu" ndilo neno lake, ni kali na halina uchafu.

---

chalii_flani

Mwalimu, "upumbavu" hata mwalimu wa chekechea anasema. Wanaume wawili hawanyamazi kwa "upumbavu". "Naomba" na "mavi" katika pumzi moja, hiyo hata mimi ningenyamaza.

---

Manukuu_24

Mimi niko na chalii, kwa mara ya kwanza katika uzi huu. "Naomba" ndiyo inayotisha.

---

Bi_Zawadi

Kipimo kinaelekea upande wa chalii, maana kitabuni wananyamaza. Lakini Mwalimu ana jambo: "mavi" ikitoka hapa, itabidi imkae popote anapokasirika baadaye. Nukta, wakili huyu ana ukurasa mwingine wa hasira?

---

Nukta_Mkato

Sura ya 9, ofisini, na mteja anayemdanganya. Hatukani hata mara moja, ila mteja anatoka akitetemeka. Sijaitafsiri bado.

---

Bi_Zawadi

Itafsiri kwanza hiyo, kisha uilete hapa kabla hujaamua la teksi. Kama ofisini anaweza kumtetemesha mtu kwa usanifu mtupu, tutajua kama barabarani neno hilo ni lake au ni la hali aliyokuwa nayo asubuhi hiyo.